Herufi nane kwenye mstari wa 15: kuacha njia wazi au kuifunga?

Kuna ubishi usioisha kati ya wachezaji wa Scrabble kuhusu mistari ya pembeni mwa ubao, ule wa 1 na ule wa 15. Upande mmoja unasema acha herufi ifike huko, kwa sababu ndiko mechi zinakoamuliwa kwa pigo moja. Upande wa pili unasema mstari huo usiuguse kabisa. Naona kila upande una hoja, ila wote wawili wanaongea kwa ujumla mno, na jambo lenyewe linaamuliwa na herufi ipi imekaa mraba upi.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo chanzo cha ubishi. Ukiweka kete zako zote 7 kwa zamu moja unapata bonasi ya pointi 50. Zikipita kwenye herufi moja iliyokwisha kuwekwa ubaoni, neno linakuwa la herufi 8. Katikati ya ubao neno hilo ni zuri tu, mara nyingi pointi 60 au 70. Pembeni mambo ni mengine. Kwenye mstari wa 15 miraba myekundu, ile inayozidisha neno mara tatu, iko safu ya A, ya H na ya O. Kutoka A hadi H ni miraba 8 kamili, na H hadi O vilevile. Kwa hiyo neno la herufi 8 likilala hapo linakanyaga miekundu miwili, na thamani yake inazidishwa mara 9 kabla ya kuongezwa zile 50. Kete 7 peke yake haziwezi kufika kotekote. Lazima pawepo herufi ya kupitia, na herufi hiyo lazima mtu awe ameileta.

Tazama mfano huu. Ubaoni kuna T kwenye C10, na mpinzani wako anashuka nayo kuandika TABLES, kutoka C10 hadi C15. L inaangukia C13, mraba wa kuzidisha neno mara mbili, kwa hiyo anapata 16. Wewe mkononi una A, H, I, L, O, P, T. Hizo hazitengenezi neno la herufi 7, na mchezaji asiyetazama ubao anaanza kufikiria kitu kifupi cha pointi 20. Lakini ile S imekaa C15, ya tatu kutoka pembeni. Weka H na O kabla yake, P, I, T, A, L baada yake: HOSPITAL, kuanzia A15 hadi H15. Thamani ya herufi ni 13. P imekaa D15, mraba wa kuzidisha herufi mara mbili, basi jumla inapanda hadi 16. Mara 9 ni 144. Ongeza 50, unapata 194.

Sasa rudi kwa mpinzani. Angeishia TABLE, kwenye C14, angepata 14 badala ya 16 na angebaki na S yake mkononi. Mraba wa C15 ungekuwa bado mtupu. Hapo mtu anaweza kuongeza S au D chini ya TABLE na kulaza neno la herufi 7 linalogusa mwekundu mmoja, na hilo pia linauma. Ila lile la mara 9 lisingewezekana, kwa sababu kete 7 hazifiki kutoka A hadi H. Kwa pointi 2 za ziada amefungua njia ya 194. Hapa sioni cha kupima: upande wa kufunga uko sahihi moja kwa moja.

Upande wa kuacha wazi nao una ushahidi mkubwa. Mwaka 1982, Karl Khoshnaw alicheza CAZIQUES huko Manchester na kupata pointi 392 kwa neno moja. Thamani yake ni 28, Q ikazidishwa ikawa 38, mara 9, jumlisha 50. Mwaka 2006, kule Lexington, Massachusetts, Michael Cresta alipata 365 kwa QUIXOTRY, akamaliza mchezo na 830. Maneno hayo yanasimuliwa sana, na yamewafundisha wengi kukaa wakisubiri lao.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Chukua ileile S ya C15, lakini mkononi huna T, una V. Unashawishika kubadilisha V peke yake ukitumaini T. Tuseme kete ambazo hujaziona, za mfukoni na za mpinzani, ni 50, na kati yake T ni 4. Nafasi yako ni asilimia 8. Asilimia 8 ya 194 ni kama pointi 15 na nusu, na zamu hiyo umepata sifuri. Zaidi ya hapo, mpinzani ana zamu moja kabla yako, naye akiona umebadilisha kete moja tu huku S ikining'inia pembeni, ataelewa na kuifunga. Neno la kawaida la pointi 25 ni bora kuliko subira hiyo. Mbinu ya kusubiri ina maana pale tu uko nyuma kwa pengo ambalo maneno ya kawaida hayawezi kuliziba.

Wanaijeria wamelionyesha hili vizuri. Wellington Jighere alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2015 huko Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, vyombo vya habari viliandika sana kuhusu mazoea ya wenzake ya kucheza maneno mafupi ya herufi nne au tano hata pale ambapo refu lipo. Neno fupi hulinda ubao na kukuachia kete nzuri mkononi. Lakini tusilisome vibaya. Mbinu hiyo inamnyima mpinzani njia. Haisemi kwamba ukiipata njia usiitumie. Nami sidhani bingwa yeyote angeiacha HOSPITAL ya 194 ili acheze neno la herufi tano.

Ndiyo maana nasema ubao usihukumiwe kwa kuwa wazi au kufungwa, bali mraba kwa mraba. E ikikaa G15, ya pili kutoka mwisho wa njia ya A hadi H, ni hatari kubwa, kwa sababu inakaribisha kila neno linaloishia na ED, ER au ES. N hapohapo inakaribisha ING. V au U mahali hapo haziogopeshi kiasi hicho. Na herufi ikiwa imekaa juu ya mwekundu wenyewe, tuseme E iko H15, mraba huo umeshatumika na hauzidishi tena. Neno la herufi 8 kutoka A likiishia hapo litazidishwa mara 3 tu. Hivyo ukilazimika kufika mstari wa 15, ni afadhali kete yako ya mwisho ikae H kuliko G. Na ukiwa na miraba miwili ya kuchagua, angalia pia kilichoko mstari wa 14: kete zikiwa zimejipanga juu ya njia hiyo, kila herufi mpya italazimika kuunda neno halali la kushuka, na maneno mengi ya herufi 8 yatakwama hapo.