Kwa Mwalimu Unayepokea Darasa la Kwanza Kutoka Kwangu

Mwalimu mwanangu,

Niliingia darasani mwaka 1987 na cheti cha Daraja la Tatu A, na sasa nimefikisha miaka 60, kwa hiyo chaki nakuachia wewe. Rejesta, azimio la kazi na maandalio ya somo utayakuta kwa mwalimu wa taaluma. Hayo hayanisumbui. Kinachonisumbua ni wale watoto 112, na hasa wale kati yao ambao utadhani wanasoma kumbe hawasomi.

Jumatatu utaandika ubaoni ba be bi bo bu, utashika fimbo ya kuonyeshea, na darasa zima litaitikia mpaka bati litetemeke. Utafurahi. Hata mthibiti ubora akipita dirishani atafurahi. Mimi nilifurahi hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka siku moja nilipomwita mbele mtoto wa dawati la nyuma anisomee ukurasa wa kitabu cha kiada. Aliusoma wote bila kukwama hata mara moja, ila macho yake yalikuwa kwenye mwembe wa nje. Nikamwonyesha neno "kuku" katikati ya ukurasa, nikamuuliza, hili ni neno gani? Akarudi mwanzo wa sentensi, akaanza kuisema kwa kunong'ona huku kidole kikiruka neno kwa neno, na kilipofika pale akasema kwa sauti, "kuku!" Kwake ule ukurasa ulikuwa wimbo.

Tangu siku ile siamini kelele za darasa. Watoto 30 wanaojua wakitamka, 82 waliobaki wanadandia nusu sekunde nyuma yao, na wewe mbele huwezi kusikia tofauti. Tena ule mpangilio wa a e i o u haubadiliki, basi mtoto hahitaji kuitazama herufi. Anajua tu kwamba baada ya "be" inakuja "bi". Onyesha "bu" kwanza, kisha "be", halafu "bo", nawe sikiliza jinsi sauti zitakavyopungua.

Utasema, Mama, watoto 112 nitawasikiliza lini mmoja mmoja? Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 hakuna mwalimu wa Darasa la Kwanza asiyeuliza hivyo. Mimi nachukua wanane kwa siku. Kipindi ni dakika 30. Wengine wakiwa wanaandika, naita mmoja mmoja mezani, dakika moja na kidogo kwa kila mtoto. Kwa siku 14 za masomo nimelimaliza darasa, na naanza upya.

Pale mezani simpi kitabu. Nampa kipande cha karatasi chenye maneno matano yasiyo na maana: beku, tolu, mipa, saju, dile. Hakuna aliyewahi kuyasikia, kwa hiyo hakuna aliyeyakariri. Anayeyatamka manne au matano, huyo anasoma. Anayeniambia "bega" badala ya "beku" anaishika silabi ya kwanza na kubahatisha inayofuata. Huyu hayuko mbali. Anayenitazama usoni kuliko anavyoitazama karatasi, anza naye kesho asubuhi. Na kabla hujamwandika mtoto kuwa hajui, mlete ubaoni karibu. Nimewahi kumlaumu msichana mwezi mzima kumbe tatizo lilikuwa macho.

Yule mtoto wa mwembe nilikaa naye dakika kumi kila mapumziko. Vifaa vyetu vilikuwa vizibo vya soda, kila kimoja na silabi yake. Nilianza na m, k, t na l tu pamoja na irabu zake, maana ukimmwagia mtoto konsonanti zote kwa pamoja unamrudisha kwenye kukariri. Wiki ya kwanza hakuna kilichotokea. Ya pili nikaweka "ka" na "ta" akasema kata. Nikavibadilisha nafasi, akasema tena kata. Nikanyamaza. Akavitazama muda mrefu, akagusa kimoja, akagusa kingine, kisha akasema polepole, "ta... ka. Taka?" Kesho yake alikuja mwenyewe na "li" na "ma", akanionyesha lima, akavigeuza, akacheka: mali! Hapo ndipo alipojua kwamba maandishi yanasema kilichoandikwa, hayasemi anachokumbuka yeye.

Halafu tukagonga ukuta. Nikamwandikia "mtu", akasoma "matu". "Mbuzi" akasoma "mabuzi". Kosa lilikuwa langu, maana nilimfundisha herufi kama tulivyofundishwa sisi: a, ba, cha, da. Mtoto aliyeambiwa kwamba m inaitwa "ma" ataisoma "ma" popote atakapoikuta, na ana haki. Nakuomba uifundishe m kwa mlio wake: midomo imefungwa, mmm, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha wapigishe makofi. M-tu, makofi mawili, kwa sababu m hapo imesimama peke yake. Mbu-zi, makofi mawili tena, lakini safari hii m imeegemea b, wametoka pamoja. Usiwaeleze kanuni, wataichoka. Makofi yanatosha. Ng'ombe na ngoma ziache mpaka muhula wa pili. Ile alama ndogo juu ya ng' imewatoa machozi hata waliokuwa wanaongoza.

Jambo jingine, kwa sababu wewe ni mgeni huku Tarime. Mtoto wa Kikurya atasoma "kula" akasema "kura", na utashawishika kumwekea alama ya kosa. Subiri. Andika maneno yote mawili, mwambie akuonyeshe lile la chakula. Akigusa "kula", basi amesoma vizuri, ulimi tu ndio wa nyumbani kwao, na ulimi utanyooka taratibu. Nimeona mwalimu akilichekesha darasa zima kwa ajili ya r moja ya mtoto, na mtoto yule hakufungua tena mdomo mpaka mwaka ukaisha. Asiyefungua mdomo huwezi kumpima.

Mengine ni maneno yangu ya uzeeni. Nimefanya kazi chini ya mwalimu mkuu mmoja aliyewapanga walimu wake hodari Darasa la Saba kwa sababu ya mtihani, na Darasa la Kwanza akampa aliyekuwa anaumwa mgongo. Miaka sita baadaye tukaitana kikao kujiuliza kwa nini watoto hawaelewi maswali. Kama hawawezi kuyasoma, wataelewaje? Ukiambiwa uhamie madarasa ya juu kwa sababu "unafaa zaidi", kataa kwa adabu, angalau kwa miaka mitatu ya kwanza.

Vizibo viko kwenye kopo la maziwa, kabati la kushoto, rafu ya chini. Panya wamekula lebo ya kopo lakini vizibo ni vizima. Seti ya "nya" ina vitatu tu, viwili vimepotea, tengeneza vingine kwa kalamu ya wino mzito, maana chaki inafutika mikononi. Karatasi ya maneno matano niliyoandika hapo juu watoto wa mwaka huu wameshaizoea, kwa hiyo tunga yako. Na Jumatatu anza na watatu wa dawati lililo karibu na mlango: wanaitikia kwa sauti kuliko wote, na mzunguko huu bado sijawasikia mmoja mmoja.