Hela za mkopo hazitoki kwenye akaunti yako

Wiki iliyopita mwaloni Kibirizi, Kigoma, mzee mmoja wa vipe, yaani boti za kuvulia dagaa, alinibana, maana anajua niliwahi kuwa afisa mikopo. "Ninyi mnachukua hela zetu tulizoweka, mnamkopesha mtu, halafu sisi tukija kutoa mnatuambia mtandao uko chini." La mtandao sina utetezi. Lakini hilo la kwanza si kweli, na hata sisi tuliokuwa ndani ya benki tulilisema bila kufikiri.

Picha aliyonayo mzee ni ya kikoba. Kwenye kikoba kuna sanduku na funguo tatu. Ndani kuna laki nane, basi huwezi kukopesha laki tisa. Benki haiendi hivyo.

Chukua mama anayenunua dagaa hapa na kuzipeleka Dar es Salaam. Amepitishiwa mkopo wa milioni 10. Siku ya kuutoa, nilikuwa nafungua mfumo, naandika kwamba mama anadaiwa milioni 10, na papo hapo salio la akaunti yake linapanda milioni 10. Basi. Hakuna akaunti ya mzee wa vipe iliyopungua hata shilingi. Upande mmoja wa vitabu benki imepata mali, yaani deni la mama; upande wa pili imepata mzigo, yaani amana ya mama. Amana ile haikuwepo asubuhi. Imezaliwa na mkopo.

Hapo watu huniuliza: sasa kwa nini benki isiandike tu hadi ichoke? Wengi, wakiwemo waliosoma uchumi, hujibu kwamba Benki Kuu imeweka kizuizi. Ni kweli Benki Kuu ya Tanzania inazitaka benki ziweke kwake sehemu ya amana za wateja, ndiyo inayoitwa akiba. Kiwango kilikuwa asilimia 10, kikashushwa kuwa 8 mwaka 2017, na kufikia 6 mwaka 2020. Vitabu vya shule hugawa 1 kwa 0.06, wanapata kama 17, wanasema kila shilingi ya akiba huzaa shilingi 17 za amana. Hesabu ni sahihi ila hadithi imegeuzwa kichwa chini. Afisa mikopo hakai na kikokotoo akisubiri akiba ndipo akopeshe. Anakopesha kwanza, na akiba hutafutwa na watu wa hazina makao makuu ya benki baadaye.

Tumfuate mama uone kinachobana kweli. Amemlipa mwenye vipe milioni 6, na huyo ana akaunti benki ileile. Jina la mwenye salio limebadilika, benki haijapoteza kitu. Milioni 3 amemtumia muuza nyavu mwenye akaunti benki nyingine. Hii ni habari tofauti, kwa sababu benki zinalipana kwa fedha zilizoko kwenye akaunti zao Benki Kuu, na hizo benki haiwezi kuziandika yenyewe. Milioni 1 amechukua taslimu, imetoka kwenye kasha. Kwa hiyo milioni 4 zimetoka kweli. Zile 6 zilizobaki zinadai akiba ya asilimia 6, yaani shilingi 360,000. Linganisha mwenyewe 4,000,000 na 360,000, uniambie ni kipi kinamkosesha meneja usingizi.

Benki ikipungukiwa, inaazima kwa benki nyingine au inakwenda Benki Kuu, kwa riba. Na tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza kwa kutangaza riba yake. Ikitaka riba ya benki kwa benki isiruke juu ya hapo, lazima itoe akiba inapohitajika. Kwa hiyo ile asilimia 6 mimi naiona zaidi kama gharama kuliko ukuta: ni fedha iliyolala bila kuzaa. Ndiyo maana mwaka 2021 Benki Kuu ilitoa nafuu kwenye akiba hiyo kwa benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Ukipunguza gharama, unaweza kudai riba ipungue.

Ukuta wenyewe ni mtaji, yaani hela za wenye benki. Tuseme lori la mama limepinduka na deni limegeuka mkopo chechefu, yaani usiolipika. Ile milioni 6 ya mwenye vipe bado ni yake, benki inadaiwa naye. Hasara inakula mtaji, na mtaji ukishuka chini ya kiwango cha sheria, benki haina ruhusa ya kuendelea kupanua mikopo hata kama akiba imejaa.

Mwaka huu lori halikupinduka. Mnunuzi wa Dar amemtumia mama hela, mfumo ukakata marejesho. Deni likashuka, salio nalo likashuka, na amana ile haikwenda kwa mtu yeyote. Mzee akaniuliza imekwenda wapi. Nikamwambia imefutwa, kama ilivyoandikwa. Akacheka, akarudi kwenye nyavu zake.