Presha ya kwenye kiti haitoshi

Juzi shangazi yangu alirudi kutoka zahanati na jibu moja: "Presha yako nzuri, mama, ni uzee tu." Alfajiri hiyo alikuwa ameanguka akitoka kitandani. Walimpima amekaa kwenye kiti! Mtu anaanguka anaposimama, kwa nini asipimwe amesimama? Bado nina hasira.

Ukiinuka ghafla, karibu nusu lita ya damu, pengine zaidi, huteremka kwenye vena za miguu na tumbo. Damu inayorudi moyoni hupungua, moyo husukuma kidogo, presha hushuka. Sasa, kwenye ukuta wa ateri za shingoni, pale zinapogawanyika chini ya taya, na kwenye upinde wa aota, kuna miisho ya neva iitwayo baroreseta. Ukuta ukitanuka kwa presha, hutuma ishara kwa wingi. Presha ikishuka, ishara hupungua. Wengi hudhani presha ikishuka neva hizi hupiga kelele. Kumbe ni ukimya wao ndio unaoshtua shina la ubongo.

Likishtuka, shina la ubongo huachia kwanza breki ya neva ya vagasi, na mapigo ya moyo hupanda ndani ya sekunde moja au mbili. Pia huamsha neva za simpathetiki zibane mishipa midogo ya damu, na kazi hiyo huchukua sekunde kadhaa zaidi. Ndiyo maana hata kijana mwenye afya huweza kuona giza akiinuka: presha hufika chini kabisa kwenye sekunde ya 10 hivi, na ndani ya nusu dakika imesharudi. Haya, hicho kizunguzungu kifupi si ugonjwa, nakubali.

Cha shangazi si hicho. Nilimlaza dakika 5, nikapima: 142/80, mapigo 72. Akasimama, mkono mmoja ameshika ukingo wa kitanda. Dakika ya 3: 110/66, mapigo 78. Presha ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, ndani ya dakika 3, hiyo ni kasoro. Yeye ya juu imeshuka 32.

Lakini kilichonitisha ni mapigo. Angekuwa amepungukiwa maji au damu, baroreseta zingefanya kazi na moyo ungekimbia, labda hadi 100. Wake umeongezeka mapigo 6 tu. Gawanya 6 kwa 32, unapata chini ya 0.2. Jibu likiwa chini ya 0.5, mshukiwa mkubwa ni neva zenyewe. Kipimo hiki hakifai kwa anayetumia dawa za kupunguza mapigo, na yeye hatumii. Ana kisukari cha miaka mingi, na kisukari hula neva hizohizo.

Kesho tunarudi na karatasi yenye vipimo vyote viwili, na hatuondoki mpaka apimwe akiwa wima.