Mzee, Andika na Kiasi

Jamani, ni mimi peke yangu, au kuna mwingine aliyewahi kutoa shilingi 18,500 zake halali, halafu akatazamwa yeye kama ndiye mwizi?

Jumamosi nimehamia Mtopanga, hapa Mombasa. Chumba kimoja, choo ndani, na jikoni pa kuenea mtu mmoja, naye huyo mtu awe amejikunja kidogo. Kodi 8,500. Dipoziti ya mwezi mmoja, 8,500 nyingine. Dipoziti ya maji 1,500. Mkokoteni uko nje, godoro limekaa juu kama bwana harusi, na hamali kila dakika ananikumbusha, "Bosi, mimi nalipwa kwa kusukuma, silipwi kwa kungoja." Huko upande wa baharini mawingu nayo yameshaanza kukunja uso.

Baba mwenye nyumba yuko barazani, kikoi kiunoni, kahawa tungu mkononi. Nikampa shikamoo yake, akaipokea kwa marahaba nzuri kabisa. Pesa nilikuwa nimeshatuma kwa M-Pesa, si kwa nambari yake lakini. Simu yake, kasema, "haili pesa". Akanipa nambari ya mjukuu wake. Nikatuma, mjukuu akaitika kutoka ndani, "Imeingia!" Mambo yote shwari, mpaka nilipofungua mdomo.

"Mzee, naomba unitilie sahihi kikaratasi kidogo tu, kwamba umepokea."

Kikombe kikasimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

"Mwanangu," akasema, taratibu kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba, "huniamini?"

Hapo ndipo ninapochoka mimi. Mtu huyu huyu, asubuhi ile ile, nimemshuhudia akihesabu mahamri aliyoletewa, akakuta ni tisa badala ya kumi, akamrudisha mtoto dukani. Hamri moja! Lakini mimi kuulizia 18,500 nimekuwa mkosefu wa imani.

Na si kwamba nazaliwa leo. Nyumba niliyotoka, kodi ilikuwa 7,000. Siku ya kuingia nilituma 14,000 kwa mkupuo mmoja: kodi ya mwezi, na dipoziti. Karatasi hatukuandika, nikajiambia ujumbe wa M-Pesa upo, utanitetea. Nikakaa mwaka na ushee. Siku ya kutoka naulizia 7,000 zangu, mwenyewe akanitazama kwa huruma. "Dipoziti gani? Ile 14,000 ilikuwa kodi ya miezi miwili."

Nikamwambia, kama ni ya miezi miwili basi mimi nimelipa mwezi mmoja zaidi, kwa sababu kila mwezi uliofuata nilituma 7,000. Akasema, "Si kila mwezi. Disemba hukutuma." Disemba! Disemba nilikuwa nasafiri kwenda nyumbani, nikamlipa mkononi, noti saba za elfu elfu, pale pale mlangoni begi liko begani. Kwa hiyo hesabu yake imekaa sawasawa kama mawe ya mafiga. Dipoziti yangu imeingia kwenye shimo la Disemba na shimo limefukiwa.

Tukaenda kwa mzee wa mtaa. Mzee wa mtaa akavaa miwani, akausoma ujumbe wangu mara mbili. Tarehe ipo. Jina lipo. Kiasi kipo. Akaniuliza, "Na ni wapi hapa palipoandikwa dipoziti?" Nikautazama ule ujumbe kama naufinyia jicho, nikiuomba useme. Haukusema. Ule ujumbe unajua pesa imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani. Imekwenda kufanya nini, hiyo si kazi yake.

Sasa fikiria wa safari hii: hata jina si la mwenye nyumba, ni la mjukuu. Kesho mjukuu akioa akahamia Malindi, mimi nitamdai nani?

Basi nikakaza roho. "Mzee, si kukosa imani. Ni kumbukumbu tu. Mimi kichwa changu kizito."

Hiyo ya kichwa kizito ikamlainisha. Akaitisha kalamu. Ikaja kalamu isiyoandika, ikaja nyingine imetafunwa kichwa, ikaja karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu la mjukuu, nyuma yake kuna kugawanya kwa njia ndefu, kote kumekosewa. Mzee akainama, akaandika kwa muda ambao ungetosha kuandika wosia. Akanipa. Nikasoma:

"Nimepokea pesa."

Sahihi chini, ya madaha, ina mkia kama wa tausi.

"Mzee," nikasema, "pesa ngapi?"

"Si unajua mwenyewe ulizotoa?"

"Najua leo."

"Basi."

Hamali huko nje akapiga kengele ya mkokoteni. Sikujua hata kama mikokoteni ina kengele.

Nikamwomba aongeze kiasi. Akaichukua karatasi, akapenyeza juu ya "pesa", kwa herufi za sisimizi: 8500. Nikamwonyesha kwa ucha Mungu kwamba nambari iliyosimama uchi namna ile, mtu akiichomekea 1 mbele inakuwa 18,500, akiichomekea sifuri nyuma tunakuwa tumenunua tuktuk. Ndiyo maana wazee wetu wa maduka wakiandika bei hufunga na ile 8,500/=, mlango unakomewa. Na kwa maneno ndiyo imara zaidi: elfu nane na mia tano tu. Hilo "tu" si mapambo, ni kufuli.

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. "Wewe umesomea benki?"

"Nimesomea kuibiwa, Mzee."

Akaandika upya. Safari hii akajitahidi kweli, na mimi moyo ukatulia, hadi nilipofika kwenye neno moja nikahisi baridi ya miguu. Aliandika: "Nimepokea arubuni, 8,500/=, elfu nane na mia tano tu."

Arubuni! Mtu wa bara angepita hapo akisema ni yale yale. Sisi tuliolelewa na nyanya wanaonunua dhahabu kidogo kidogo tunajua. Arubuni ni ile unayomshikisha muuzaji asimuuzie mwingine. Ukinunua inakatwa kwenye bei, na ukirudi nyuma wengi huihesabu imeliwa. Dipoziti ni mali yangu iliyolala kwa mwingine, siku ya kutoka inaamka inarudi. Nikitia mkono kwenye arubuni, siku ya kuhama nitaambiwa, "Kijana, wewe si ndiye uliyerudi nyuma?"

Nikamwambia, "Mzee, hapo tuandike amana."

Kosa! Akaipata nafasi. "Amana!" akasema, kidole juu. "Wasikia neno lenyewe? Amana ni imani. Imani haiandikwi karatasini, yaandikwa moyoni."

Wallahi nilikuwa nimeshindwa. Mtu akikupiga na lugha yako mwenyewe unajibu nini? Nilikuwa nataka kukunja ile karatasi nikaingize godoro, liwalo na liwe, ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Aya ndefu kuliko zote katika Kurani yazungumzia nini?"

Mama mwenye nyumba. Kumbe alikuwa anasikia tangu kwenye mahamri. Mzee akanyamaza.

"Si nakuuliza? Al-Baqara, aya ya 282. Si sala, si saumu. Ni kuandikiana deni, na mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo, na msichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Nawe umeshachoka kwa elfu nane?"

Mzee akaivuta karatasi mpya mwenyewe. Sikuwa nimesema neno.

Tukaandika, mama akisimamia kama mtihani wa darasa la nane. Mimi natamka, Mzee anaandika:

"Leo nimepokea kutoka kwa mpangaji wangu wa chumba nambari 4 jumla ya 18,500/=, elfu kumi na nane na mia tano tu. Kati ya hizo, 8,500/= ni kodi ya mwezi huu, 8,500/= ni dipoziti ya nyumba, na 1,500/= ni dipoziti ya maji. Zimetumwa kwa simu ya mjukuu wangu kwa idhini yangu. Dipoziti zote mbili zitarudishwa akitoka, baada ya kukatwa alichoharibu au deni aliloacha."

Tukaweka tarehe, majina yetu kamili, nambari za vitambulisho, na ile herufi na tarakimu zinazoanza ujumbe wa M-Pesa, ili karatasi na simu zitambuane kama ndugu waliopotezana. Kwenye "alichoharibu" Mzee alitaka kuongeza rangi. Nikasema ukuta nikiuchora nitapaka, ukichakaa kwa umri wake hiyo ni rangi yako. Mama akasema, "Kweli." Ikapita.

Mzee akataka kutia sahihi chini kabisa ya ukurasa, katikati pamebaki uwanja wa kuchezea mpira. Nikamwomba apande juu, sahihi iguse mstari wa mwisho, asije mtu akapanda mihogo pale katikati. Akaniangalia, akapanda. Mama akatia yake ya ushahidi. Nakala mbili, moja yake moja yangu, na picha kwenye simu, maana karatasi ya daftari na mvua ya Mombasa hazipatani.

Mvua yenyewe, kwa habari yenu, ilishakunywa nusu ya godoro. Hamali kanitoza mia mbili za kungoja. Nilipomwomba aniandikie risiti, alinitazama kwa namna ambayo nimeamua kutosimulia.

Nikadhani Mzee amenikasirikia. Siku nne akawa ananiitikia marahaba fupi. Jana jioni, magharibi imekaribia, mlango unagongwa. Mzee, kikoi kiunoni, karatasi mkononi, sura imemshuka.

"Mwanangu, yule fundi wa kunijengea ukuta wa nyuma nilimpa 30,000 za mawe. Leo asema nilimpa ishirini."

"Mliandikiana, Mzee?"

Akatazama chini, kwenye kandambili zake.

"Kesho nampa nyingine. Niandikie kama ile yetu."

Nikaketi kizingitini, nikaandika polepole, naye amesimama juu ya kichwa changu, miwani puani. Nilipomaliza nikamkabidhi. Akasoma, akasoma tena, akairudisha huku kidole kimekita kwenye mstari wa pili.

"Mbona kiasi hujaandika kwa maneno?"