Mashine umeizima, diski yake bado inakula hela

Mwezi uliopita jamaa yangu mmoja kanipigia analalamika, eti kuna kampuni ya klaudi anayokodi mashine kwao inamwibia. Mfumo wa mteja wake wa duka la vipuri walishaacha kuutumia, akaingia akabonyeza Stop, akasahau, miezi mitatu mbele kadi inakatwa tu. Nikamuuliza, we ulizima au ulifuta? Kimya.

Mi naona shida yake haikuanza siku ya kuzima. Ilianza siku ya kuchagua saizi, maana wengi tunahangaika na ram na prosesa alafu kwenye diski tunaandika namba yoyote kubwa ili tusije kujaza. Mi nasema geuza hiyo akili. Ukubwa wa mashine unabadilika kirahisi, unaizima, unachagua saizi nyingine, unawasha, dakika chache umemaliza. Diski unaweza kuiongeza ila huwezi kuipunguza, na ndo hiyo hiyo inayoendelea kukudai ukishazima.

Tupige hesabu kwa bei za EC2, ile huduma ya Amazon ya kukodisha mashine, kule Virginia, ziko wazi kila mtu anaziona. Tuseme umechukua t3.large, ram giga 8, dola 0.0832 kwa saa, ukiiacha inawaka mwezi mzima (saa 730 hivi) ni kama dola 61. Ukaipa diski ya aina ya gp3, giga 200, ambayo ni senti 8 kwa kila giga kwa mwezi, hapo dola 16. Ukaweka na Elastic IP ili anwani isibadilike, senti nusu kwa saa, dola 3.65 kwa mwezi. Sasa izime. Zile dola 61 zinapotea kweli, hapo hawakudanganyi, lakini diski inabaki na anwani inabaki, jumla dola 19.65 kila mwezi kwa kitu ambacho hakifanyi chochote.

Linganisha na t3.small yenye ram giga 2 na diski giga 20 ambayo inawaka usiku na mchana: mashine dola 15.18, diski dola 1.60, IP ileile, jumla dola 20.43. Yaani tofauti haifiki hata dola moja! Kubwa iliyolala na ndogo inayochapa kazi zinakula karibu sawa.

Na haijalishi kwenye zile giga 200 umejaza 18 tu, unalipia ulichotengewa, kama fremu ya Kariakoo, ukifunga mlango kodi inaendelea kuhesabika.

Kwahiyo unaanzaje? Mi naanza na ndogo inayoweza kuwasha mfumo, naiacha wiki moja ya kazi ya kweli, alafu naingia ndani naangalia ram na diski:

```
free -h
df -h
```

Kwenye `free` usitishwe na safu ya free ikiwa ndogo, linux inatumia ram iliyokaa bure kuweka kache, we soma available. Ikikaribia kuisha saa za wateja wengi, panda saizi moja. Nasema uingie ndani maana grafu za kawaida za EC2 zinaonesha prosesa, za ram hazipo mpaka uweke programu yao ya ajenti. Na prosesa ya t3.small imewekewa kiwango cha asilimia 20 kwa kila kiini, ukiwa unazidi hapo kutwa nzima unaanza kudaiwa ziada juu ya bei ya saa, hapo familia ya t3 sio yako.

Alafu jihadhari, kuzima hakuna maana moja kila mahali. DigitalOcean mashine yao, wao wanaiita dropleti, ikizimwa inalipiwa bei yote kama vile inawaka, mpaka uifute. Azure ukizima kutoka ndani kwa `shutdown` inaandika Stopped na saa zinaendelea kuhesabiwa, inabidi isomeke Stopped (deallocated), na hata hapo diski bado unalipa.

Kwa yule jamaa nilimwambia apige snapshot, yaani nakala ya diski, afute mashine pamoja na diski, aachie na IP. Snapshot ya EBS, ndo diski za EC2, ni senti 5 kwa giga na inahesabu data iliyoandikwa tu, kwahiyo kwa mfano wetu zile giga 18 ni senti 90 kwa mwezi badala ya dola 19 na ushee. Ubaya wake mmoja, siku mteja akirudi akataka mfumo, diski itakayotoka kwenye ile snapshot haiwezi kuwa chini ya ukubwa wa ile ya kwanza, itabidi awashe diski ndogo pembeni na kuhamisha mafaili kwa mkono. Akaguna, akaniambia basi atahamisha sasa hivi kabla hajafuta.