Mita 0.3 ya nani?

Nimeletewa ripoti ya ramani ya mitaro ya Kano, upande wa Ahero. Sehemu ya usahihi ina sentensi moja: "RMSE ni mita 0.3." Basi. RMSE ni kipeuo cha wastani wa miraba ya makosa. Nikapiga simu kuuliza imetoka wapi. "Kwenye Georeferencer, mkubwa. Imeandika yenyewe."

Hapo ndipo nilipochemka. Georeferencer ni zana ya kukalisha picha mahali pake kwenye ramani, na namba hiyo inaeleza tu jinsi picha ilivyokubaliana na alama ulizoivutia hadi ikakaa. Haijui lolote kuhusu mistari uliyochora baadaye, saa kumi jioni, macho yamechoka. Chagua humo njia ya Thin Plate Spline uone: picha inapindwa ipitie kila alama, na kosa linakuwa sifuri hata kama alama moja umeibandika kwenye kalvati isiyo yake. Ni mwanafunzi kujisahihishia mtihani.

Tabaka, yaani mistari yote uliyochora, hupimwa kwa alama za ukaguzi: mahali panapoonekana wazi, kama makutano ya mitaro au kona ya kalvati, ambapo hukupatumia popote kuiweka picha, na pawe pamepimwa uwanjani kwa kifaa kizuri kuliko ramani yenyewe. GPS ya simu, inayokosea mita kadhaa, itaihukumuje ramani inayodai mita 0.3? Kisha kwa kila alama unachukua namba ya ramani, unatoa ya uwanjani; tofauti ya mashariki ni dx, ya kaskazini ni dy, na n ni idadi ya alama:

```
RMSE = sqrt( sum(dx^2 + dy^2) / n )
```

Tuchukue alama nne tu, tuione hesabu. Kwa mashariki tofauti ni 3, 4, 5 na 4. Kwa kaskazini ni -2, 1, 2 na -1. Miraba yake inatoa 66 na 10, jumla 76. Gawa kwa 4 upate 19, na kipeuo chake ni mita 4.4. Mtaro tayari umeingia kwenye mpunga wa jirani!

Sasa tazama wastani: mashariki 4, kaskazini sifuri. Yaani mchoraji hakuvuruga sana. Tabaka zima limesogea mashariki mita 4. Lirudishe, na 4.4 inashuka hadi 1.7. RMSE peke yake isingekuonyesha hilo, kwa hiyo andika na wastani wa kila upande. Ila ukisharekebisha kwa alama hizo, zimekwisha kazi. Za kuripoti tafuta nyingine.

Haya, nakubali shingo upande kwamba kupima ni gharama, na Kano ikinyesha hata wa boda anakataa. Alama nne zangu ni za kufundishia tu. NSSDA, kiwango cha Marekani cha 1998 cha kupima usahihi wa ramani, inataka zisipungue 20, zikiwa zimetawanyika.

Na kosa likikaribia mita 300 kaskazini-kusini, usimlaumu mchoraji. Ramani ya zamani iko kwenye datumu ya Arc 1960, yaani msingi wa kuhesabia mahali duniani, vipimo vyako viko kwenye nyingine, WGS84, na hata ukipima alama mia hazitakufaa mpaka ubadilishe datumu.