Mkwamo wa miamala: tumuue mmoja au tungoje saa iishe?

"Ya nini kuchora grafu? Weka ukomo wa kusubiri, sekunde zikiisha muamala udondoke, yaishe." Ndivyo alivyosema fundi mmoja kijana tulipokuwa tukijadili mkwamo, yaani miamala inayosubiriana bila mwisho, kwenye mfumo wa SACCOS moja hapa Kigoma unaotumia hifadhidata ya MySQL. Si mjinga, na wanaofikiri kama yeye ni wengi. Hoja yake ina nguvu mahali fulani, nitapafikia. Lakini kwanza tuone sekunde hizo zinafanya nini.

Tuseme asubuhi, mitumbwi ya dagaa imeshafika Kibirizi na watu wanalipana. Mchuuzi mwenye akaunti namba 17 anamlipa mwenye mtumbwi, akaunti 42, shilingi 300,000. Wakati huohuo mwenye mtumbwi anamrudishia mchuuzi mkopo wa mafuta, shilingi 120,000. Muamala wa kwanza, tuuite A, umeshapunguza salio la 17 na umeshika kufuli la mstari wa akaunti hiyo, mwingine asiubadili hadi amalize. Muamala B umeshapunguza salio la 42 na umeshika kufuli lake. Sasa A unataka kuongeza 42, unakuta kufuli, unasubiri. Sekunde mbili baadaye B unataka kuongeza 17. Nao unasubiri.

Grafu ya kusubiriana ni kuandika hayo kwa mishale: kila muamala ni nukta, na mshale unatoka kwa anayesubiri kwenda kwa anayesubiriwa. A→B ulikuwepo tangu sekunde mbili zilizopita, na wenyewe hauna tatizo, ni foleni ya kawaida. B→A ndio unaofunga duara. Kufuli la kubadili mstari hushikwa na muamala mmoja tu, kwa hiyo duara likionekana hakuna cha kukisia: hawa wawili hawataachiana hadi kiama. Na muamala C ukija kutaka akaunti 17, unaongeza mishale inayotoka kwake, lakini hakuna mshale unaomwelekea. Yuko nje ya duara. Ukimwondoa C hujasaidia lolote.

InnoDB, injini ya MySQL, hukagua grafu hiyo kufuli linapokosekana, kwa hiyo B anapoanza tu kusubiri duara linagunduliwa. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, hungoja kidogo: `deadlock_timeout` ni sekunde 1 kwa kawaida, ndipo anayesubiri aamke na kukagua mwenyewe. Kwa vyovyote, mmoja hufutwa wote, makufuli yake huachiwa, na mwenzake huendelea. Upande wa MySQL programu hupokea hiki:

```
ERROR 1213 (40001): Deadlock found when trying to get lock; try restarting transaction
```

Watu wakiona hivyo kwenye kumbukumbu za programu huingiwa na hofu, wakadhani mfumo umeharibika, wakatafuta namna ya kuunyamazisha. Hapo ndipo ninapoona wanakosea.

Maana ukiuzima ugunduzi kwa `innodb_deadlock_detect=OFF`, kinachobaki ni `innodb_lock_wait_timeout`, ambayo kwa kawaida ni sekunde 50. Karani na mteja wanatazamana dakika nzima kasoro kidogo, lakini huo ni usumbufu tu. Kikifika kikomo, A ndiye aliyeanza kusubiri, kwa hiyo ndiye anayepata kosa 1205, la kusubiri kupita muda. Na kosa 1205, tofauti na 1213, halifuti muamala. Linafuta ile amri moja iliyokwama tu, isipokuwa umewasha `innodb_rollback_on_timeout`, ambayo huja ikiwa imezimwa. Yaani salio la 17 limeshapungua 300,000, muamala bado uko wazi, kufuli la 17 bado limeshikwa na A. Ujumbe wenyewe unasema vilevile "try restarting transaction", bila kukwambia kwamba ule wa kwanza bado uko hai.

Sasa programu inatii. Inaanza upya:

```sql
START TRANSACTION;
UPDATE akaunti SET salio = salio - 300000 WHERE namba = 17;
UPDATE akaunti SET salio = salio + 300000 WHERE namba = 42;
COMMIT;
```

Hakuna kosa la tahajia hapo. Lakini kwenye MySQL, `START TRANSACTION` ikikuta muamala ulio wazi huuthibitisha kwanza, kimyakimya, kana kwamba umeandika `COMMIT`. Ule upunguzaji wa kwanza unakuwa wa kudumu. Kufuli la 17 linaachiwa, B anapita na kumaliza kazi yake salama, kisha A anapunguza tena. Mchuuzi amekatwa 600,000, mwenye mtumbwi amepata 300,000, na kwenye kumbukumbu za seva hakuna kilichoandikwa kuwa kimeharibika. Ni `ROLLBACK` moja tu, amri ya kufuta muamala mzima, iliyosahaulika kabla ya kurudia. Kwa 1213 hali hii haitokei, kwa sababu aliyechaguliwa kufa amekufa mzima.

Zaidi ya hapo, saa haijui duara. Kazi ya mwisho wa mwezi ya kukokotoa riba ikishika mstari kwa dakika moja, karani anayeusubiri kwa haki kabisa ataangushwa kwenye sekunde ya 50 ingawa hakuna mkwamo wowote. Ukipunguza ukomo uwe sekunde 5, unaangusha wasio na hatia wengi zaidi. Ukiongeza, walio kwenye duara wanaozea humo.

Fundi wetu ana haki wapi? Mahali pawili. Kukiwa na mstari mmoja unaoguswa na kila muamala, tuseme akaunti ya mfuko mkuu, mamia wakijipanga kwenye kufuli moja, kukagua grafu kila anapoongezeka mmoja kunakula prosesa kuliko kazi yenyewe. Nyaraka za MySQL zenyewe zinakubali kwamba hapo huenda ikafaa kuzima ugunduzi. Pili, hifadhidata zikiwa mbili, moja Kigoma mjini na nyingine Kasulu, mshale mmoja wa duara ukiwa huku na mwingine kule, kila seva inaona foleni ya kawaida tu. Duara halionekani popote. Hapo bila ukomo wa muda hutoki.

Suala la nani afe nalo lina kelele zake. InnoDB humwondoa mdogo, kwa hesabu ya mistari aliyoingiza, aliyobadili au aliyofuta. Kwa hiyo karani mwenye mistari miwili akigongana na kazi ya riba iliyobadili akaunti 4,000, karani ndiye anayeondoka, na akirudia mara kazi ile ikiendelea anaweza kuondoka tena. Wengine huona huo ni uonevu. Mimi naona ni sahihi: kurudia mistari miwili ni kufumba na kufumbua, kurudisha 4,000 si mchezo. Dawa ya karani kufa njaa ni kuigawa kazi ya riba vipande vya akaunti mia mia, kila kipande na `COMMIT` yake. Na anayerudia arudie kuanzia kusoma salio, baada ya kupumzika kidogo kwa muda wa kubahatisha, na SMS ya "umepokea" isitumwe kabla ya `COMMIT`, la sivyo mteja atapata mbili kwa pesa moja.

Kwa SACCOS ile ningeacha ugunduzi ukiwa umewashwa, nikapanga uhamisho wote uguse akaunti yenye namba ndogo kwanza, jambo linalozuia duara la 17 na 42 lisizaliwe kabisa. Kisha ningewasha `innodb_rollback_on_timeout` kwa ajili ya miamala inayovuka kwenda Kasulu. Hiyo haibadiliki seva ikiwa inafanya kazi. Lazima izimwe na kuwashwa upya, kwa hiyo ni kazi ya Jumapili.